Sala ya Kuombea Nchi Kabla ya Kura

Maneno ya mweka hazina katika mkutano mkuu wa mwaka, yamechapishwa kwa ombi la wanachama



Najua mlizoea kunisikia nikisoma mapato na matumizi. Hesabu za mwaka huu zimo kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki, zimekaguliwa, na atakayekuwa na swali atanipata. Leo nimetumwa jambo lingine. Katika mkutano uliopita mliamua kwamba siku ya mchango wetu wa Desemba, watu wakiwa wamepanda nyumbani kwa sikukuu, tuanze kwa sala moja ya pamoja ya kuombea nchi, kwa kuwa mwaka unaofuata tunapiga kura. Mkaniambia nikusanye maneno kutoka kwa vikundi vya makanisa yetu, nikae na wachungaji, tulete sala iliyo tayari. Nimeletewa karatasi tisa. Nimezisoma zote jinsi mhasibu anavyosoma, yaani mstari kwa mstari, nikijiuliza huyu anaomba nini hasa, na jirani yake akimsikia atamwelewaje.

Nianze na desturi yenyewe, maana sala ya kuombea watawala haikuanzia Kenya. Paulo alimwagiza Timotheo kwamba maombi yafanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, ili watu waishi kwa utulivu. Wakati ule watawala wa Roma hawakuwa Wakristo wala hawakuwapenda Wakristo. Kuelekea mwisho wa karne ya kwanza, kanisa la Roma liliwaandikia barua Wakorintho, ile inayoitwa barua ya Klementi, na ndani yake mna sala ndefu kwa ajili ya watawala. Wanaombewa afya, amani, upatano na uthabiti, ili watawale bila kuwakwaza watu. Hakuna mahali kanisa lile linamwambia Mungu amweke fulani au amwondoe fulani. Kwa wenzetu Wakatoliki, sala ya waamini ilikuwa imefifia katika misa kwa karne nyingi, ikarudishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1963. Mpangilio wake wa kawaida ni kuombea mahitaji ya Kanisa, kisha viongozi wa serikali na ulimwengu mzima, kisha walio taabuni, na mwisho jumuiya ya mahali pale. Waanglikana nao wana sala za kuombea taifa katika vitabu vyao vya ibada. Kwa hiyo hatubuni kitu kipya. Tunachofanya ni kutengeneza maneno ya mwaka wetu na ya mahali petu.

Na katika sala ya namna hii kuna kanuni moja ambayo karatasi sita kati ya zile tisa zimeisahau. Msomaji anatangaza nia, watu wananyamaza kidogo, kisha wote wanajibu. Nia iwe fupi, ya kiasi, na iwe ya kusanyiko zima, maana watu mia tatu wataitikia kwa kauli moja na kila mmoja anatia sahihi, kwa njia ya kusema. Ukiniletea hati ya malipo yenye maneno ambayo watia sahihi wawili hawakubaliani nayo, siipeleki benki. Sala ya kusanyiko ni vivyo hivyo. Ikiwa katika safu ya tatu ameketi mtu ambaye hawezi kusema amina kwa moyo safi kwa sababu maneno yanamlenga yeye au mgombea wake, basi hiyo si sala ya kusanyiko tena. Ni hotuba ya kampeni iliyofumbiwa macho.

Nitawasomea mambo matatu niliyoyakuta, bila kutaja kikundi.

Karatasi moja iliomba Mungu atupe kiongozi mcha Mungu, mwenye kuijua shida yetu, "mtoto wa hapa hapa". Maneno mawili ya kwanza hayana neno. Hilo la tatu nalo kila mtu hapa anajua linaelekea wapi. Kwetu Taita si Wadawida peke yao walio na makaburi. Kule chini kwenye katani kuna Waluo na Wakamba ambao babu zao waliletwa kukata mkonge. Mjini Voi kuna Wakikuyu wenye maduka, kwenye ranchi kuna Wasomali wenye mifugo, na watoto wa wote hao wanasoma katika madarasa ambayo chama hiki kimeezeka. Mama aliyezaliwa Mwatate na baba aliyetoka Siaya anaposikia "mtoto wa hapa hapa" katika sala, anajua kwamba nia hiyo haikuandikwa akiwa amehesabiwa.

Karatasi ya pili iliomba Bwana ang'oe magugu katika shamba lake kabla ya siku ya kura. Aliyeandika ni mama mcha Mungu, na nina hakika alifikiria dhambi. Lakini mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno yanayotumiwa kuchochea chuki. Ndani yake mlikuwa na "madoadoa", mlikuwa na "kwekwe", na kwa sisi wa Pwani mlikuwa na yale ya kuwaambia wabara waende kwao. Kwekwe ni magugu. Neno la shambani limetumika kuita binadamu, na likishatumika hivyo, huwezi tena kulitamka mbele ya kusanyiko mwaka wa kura ukasema ulimaanisha mchicha wa mwitu. Tena mfano wenyewe katika Mathayo 13 unasema kinyume cha sala ile. Watumishi wanataka kung'oa, naye mwenye shamba anawakataza, wasije wakang'oa na ngano.

Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, kurasa mbili, ikaomba amani mara kumi na nne. Nilizihesabu. Haikuomba haki hata mara moja. Hapa ndipo tulipobishana sana na wachungaji, na nafikiri inafaa tukae hapo kidogo.

Wako wanaosema sala ya amani inatosha, ukiongeza haki unaingia siasa. Mimi nasema aliyenyang'anywa kura yake, au anayeamini amenyang'anywa, akisikia kusanyiko linaomba amani peke yake, anasikia akiambiwa anyamaze. Baada ya kura ya 2013 wengi mnakumbuka jinsi watu walivyoambiwa wakubali waendelee na maisha, hata kabla Mahakama ya Juu haijasikiza kesi. Utulivu wa namna ile unafunika tu. Upande wa pili, kuna sala ya haki ambayo ndani yake mna vitisho: haki isipopatikana, Mungu, usitulaumu. Hiyo nayo hatuitaki. Tulichokubaliana ni kuomba vitu viwili katika nia moja, visitenganishwe: kwamba kura zihesabiwe kwa ukweli, na kwamba atakayeona hazikuhesabiwa hivyo aende mahakamani wala asiende kwa jirani yake na panga. Zaburi nazo huziweka haki na amani pamoja, kwa hiyo hatukwenda mbali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo la maana kuliko yote niliyo nayo leo, nalo ni tarehe. Karibu kila kanisa ninalolijua huombea nchi Jumapili ya mwisho kabla ya kura. Kuna mfungo, kuna mkesha, watu wanalia, Jumanne wanapiga kura, na Jumapili inayofuata sala za waamini zinarudi kwenye mvua na wagonjwa. Tazameni miaka iliyopita kama mnavyotazama taarifa ya benki. Mwaka 2007 siku ya kura ilikuwa tarehe 27 Desemba, na siku hiyo ilikuwa ya mistari mirefu na uvumilivu. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na moto ukawaka usiku huo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki iliandika vifo 1,133. Maafikiano ya Kofi Annan yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Kwa hiyo hatari haikuwa kabla ya kura. Ilikuja wakati ambao sala zetu zilikuwa zimekwisha kufungwa pamoja na masanduku.

Baada ya katiba ya 2010, ngoja yenyewe imepewa mipaka, na hilo linatusaidia sisi tunaopanga sala. Tume ya Uchaguzi ina hadi siku 7 baada ya kura kutangaza matokeo ya urais. Asiyeridhika ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu. Mahakama ina siku 14 za kuamua. Jumla ni siku 28. Na chaguzi zote tatu chini ya katiba hii zimefika mahakamani. Mwaka 2013 tulipiga kura tarehe 4 Machi na uamuzi ukatoka tarehe 30, siku 26 baadaye. Mwaka 2017 kura ilikuwa tarehe 8 Agosti, uamuzi tarehe 1 Septemba, siku 24, na mara ile matokeo yakafutwa, nchi ikarudi kwenye debe Oktoba. Mwaka 2022 kura ilikuwa tarehe 9 Agosti na uamuzi tarehe 5 Septemba, siku 27.

Kura ijayo, kwa katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Hesabuni mbele. Matokeo ya urais hayatapita tarehe 17. Kesi ikiwapo, haitapita tarehe 24 kufunguliwa, na uamuzi hautapita tarehe 7 Septemba. Baina yake kuna Jumapili nne: tarehe 15, 22 na 29 Agosti, na tarehe 5 Septemba. Kwa hiyo ombi la kamati kwa makanisa yetu yote ni kwamba sala tutakayoisali pamoja Desemba isiwe ya siku moja. Isaliwe tena Jumapili ya tarehe 8 Agosti, kisha Jumapili hizo nne, na nia zibadilike kulingana na hali ilipofikia. Jumapili ya tarehe 15, kwa mfano, huenda bado hakuna aliyetangazwa, na redio zina namba kila moja ya kwake. Nia ya siku hiyo ni ya uvumilivu na ya ulimi: kwamba tusipeleke mbele kwenye simu zetu tusilolihakikisha. Jumapili ya baada ya kutangazwa, kusanyiko lina walioshinda na walioshindwa katika benchi moja, na nia ni tofauti kabisa. Mchungaji mmoja alisema siku hiyo yeye hutaka ukimya mrefu kuliko maneno. Nilimwelewa.

Ndugu zetu Waislamu wameshauriwa mapema, na imamu amesema vizuri kwamba hatutafanya ibada moja ya mchanganyiko ambayo hakuna anayeitambua kuwa ni yake. Ijumaa ya wiki ile ile dua itaombwa msikitini kwa utaratibu wao, naye alikumbusha kwamba Nabii Ibrahimu aliomba Mungu aufanye mji ule wa Makka kuwa mahali pa amani. Siku ya mchango, wachungaji wakimaliza sala, imamu ataomba dua yake kwa Kiswahili mbele yetu sote. Amina itakuwa moja.

Nimesema Kiswahili, na hili nalo lilizua maneno. Wazee wengine wanataka sala kwa Kidawida, kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani na moyo husikia lugha ya mama. Sina ubishi na hilo siku nyingine. Lakini sala inayomtaja jirani ni lazima jirani aisikie. Ukiomba kwa lugha asiyoijua, atakuuliza mlikuwa mnasema nini muda wote ule, na mwaka wa kura swali hilo si la utani.

Sasa sala yenyewe. Ina nia tano, na nitaeleza kila moja ilivyopatikana. Baada ya kila nia msomaji atanyamaza kwa muda wa pumzi tatu, kisha ataanza itikio na watu wote watajibu: Mungu wa wote, utusikie.

Nia ya kwanza ni ya nchi: "Tuiombee Kenya, mlima na pwani, mji na shamba, watu wa kila lugha na kila dini waliopewa ardhi moja waishi humo. Mungu atufundishe kuutafuta usitawi wa mahali tulipo na wa wale tulio nao." Mtasikia hapo mwangwi wa barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, aliyowaambia wauombee mji ule wa ugeni kwa kuwa amani yake ingekuwa amani yao. Tuliichagua kwa makusudi. Nusu yetu hapa tunaishi Nairobi na Mombasa, katika ardhi ya watu wengine, na tunataka tuombewe na majirani zetu wa huko kama wageni wa kwetu wanavyotaka kuombewa na sisi.

Nia ya pili ni ya viongozi: "Tuwaombee wote wanaoomba kura zetu katika nafasi zote sita, na wale watakaochaguliwa. Mungu awape moyo wa kusikiliza, wajue kupambanua neno la kweli na la uongo, na kuwahukumu wadogo kwa haki." Karatasi nyingi ziliomba rais tu. Lakini tutapewa karatasi sita za kura: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake katika kaunti, na mwakilishi wa wadi. Zahanati yetu na barabara zetu ndogo za kupitishia mboga viko chini ya kaunti. Huwezi kumwombea hekima mtu aliye Ikulu ukamsahau anayeamua kama nyanya zako zitafika sokoni zikiwa nzima. Na hekima tuliyoiomba ni ile ya Sulemani. Alipoulizwa anataka nini, hakuomba wasomi wala washauri. Aliomba moyo wa kusikia. Na kesi ya kwanza iliyofuata, ya wale wanawake wawili na mtoto mmoja, ilikuwa ya watu wasio na jina wala mali. Ndiyo maana tukaandika "wadogo".

Nia ya tatu ni ya wanaosimamia kura: "Tuwaombee makarani, wasimamizi wa vituo, maafisa wa Tume, polisi, mawakala wa vyama na majaji. Mungu awalinde na vitisho na rushwa, ili kilichoandikwa kituoni ndicho kisomwe kila mahali." Nia hii haikuwa kwenye karatasi hata moja kati ya tisa, na mimi ndiye niliyeiomba iwemo. Hao ndio wahasibu wa kura. Msimamizi wa kituo, ambaye kwetu mara nyingi ni mwalimu tunayemjua, huhesabu kura mbele ya mawakala, hujaza Fomu 34A, wanatia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Kila jumla ya urais inatokana na fomu hizo. Na kazi hii ina damu. Siku chache kabla ya kura ya 2017, Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya teknolojia ya Tume, aliuawa. Mwaka 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini, na mwili wake ukapatikana mbali na Nairobi. Ikiwa tunawaombea madereva wa sikukuu, tuwaombee na hawa.

Nia ya nne ni ya jirani: "Tumwombee jirani yetu atakayepiga kura tofauti na sisi. Asubuhi baada ya matokeo tukutane naye kisimani na dukani kama kawaida. Mungu azuie mikono yetu, midomo yetu na simu zetu zisimdhuru." Maneno ya kisima na duka yana sababu. Mwaka 1997 Likoni, miezi kabla ya kura ya Desemba, watu waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi walifukuzana, na kanisa Katoliki la pale likajaa waliokimbia nyumba zao. Jirani hafukuzwi kwa ghafla. Kwanza huacha kusalimiwa, kisha huacha kukopeshwa unga dukani, kisha mtu anauliza kwa mzaha kama amekwisha kufunga virago. Anayetaka kujua kama sala hii inajibiwa, atazame salamu za dukani kuanzia Juni. Wazee wa vijiji walio hapa, hilo ndilo tunaloomba mliangalie na mlilete kwa kamati mapema, kabla halijafika kwa chifu.

Nia ya tano ni yetu wenyewe: "Tujiombee sisi wa chama hiki na wa makanisa haya, ili meza ya Bwana na mfuko wa maendeleo visinunuliwe." Kuna aliyeniuliza kama lugha hiyo si kali. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walitoka hadharani wakakiri kwamba makanisa yalikuwa yamechukua upande, ndiyo maana sauti yao haikusikika nchi ilipohitaji sauti. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia ndani ya ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi aliamuru mchango wa wanasiasa uliotolewa katika parokia moja urudishwe. Sala ya nchi inayofuatiwa na bahasha ya mgombea, msomaji akimaliza tu, inageuka kuwa risiti.

Na hapa nirudi kwenye kazi yangu, maana nia hii ina sheria nyuma yake. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 26, inamzuia anayekusudia kugombea kushiriki katika mchango wa hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine. Akishiriki, anaweza kuzuiwa kugombea. Mchango unaoachwa nje ni ule wa kampeni yake mwenyewe au wa chama chake cha siasa. Miezi minane kabla ya tarehe 10 Agosti 2027 inaanza tarehe 10 Desemba 2026. Siku yetu ya mchango iko wiki ya Krismasi, kwa hiyo iko ndani kabisa. Kamati imeamua mambo haya. Kadi za mchango hazitapelekwa kwa yeyote aliyetangaza nia. Atakayekuja kuketi na kusali anakaribishwa, ataketi pamoja na watu wa kijiji chake na hatapewa kipaza sauti. Bahasha isiyo na jina la mtoaji haitafunguliwa mezani. Itarudishwa ikiwa aliyeileta anajulikana, na nitaiandika kitabuni kuwa imerudishwa. Mtu akitumwa na mheshimiwa "kwa niaba yake", jibu ni lile lile, na sheria inasema hivyo hivyo.

Najua hii inatukata. Katika daftari langu, miaka ya kabla ya kura ndiyo mchango hupanda, na mwaka wa baada ya kura hushuka hata chini ya kawaida. Tangi la maji la shule lilisimama nusu kwa muda mrefu kwa sababu ahadi iliyotolewa mbele ya kusanyiko haikufika baada ya aliyeahidi kushindwa. Bajeti iliyo kwenye ukurasa wa mwisho imepangwa bila shilingi hata moja ya mgombea. Ndiyo maana kiwango cha mwanachama kimepanda kidogo, na ndiyo maana kazi ya mwaka ni moja, kumaliza tangi, badala ya tatu tulizotamani.

Kuhusu siku yenyewe: wasomaji watano wa nia wamekwisha kuchaguliwa. Ya nne itasomwa na mama wa kule kwenye katani, wa kizazi cha tatu hapa Taita. Nia zimepigwa chapa kwa maandishi makubwa ili anayesoma asiongeze la kwake, na ninawaomba wasomaji kwa heshima msiongeze. Mazoezi ni Jumamosi ya kabla ya mchango, saa nane mchana, baada ya mazoezi ya kwaya. Makanisa ambayo hayajatuma jina la atakayechukua karatasi za Jumapili nne za Agosti na Septemba, naombeni mnipe kabla hatujaondoka leo. Nimeketi meza ile ya kulia, penye kitabu cha risiti.